UZI: Kufunga TV ya inchi 55 kwenye ukuta wa bloku. Fisha gani, na niipateje isilale upande?

Mkazi wa Kibada
Habari za jioni wakuu. Nataka kufunga TV ya inchi 55 sebuleni. Uzito bila stendi ni kilo 18, upana sentimita 123, urefu wa kwenda juu 71. Braketi niliyonunua ni ile yenye mkono, inavutwa mbele mpaka sentimita 40 na kugeuka kushoto na kulia. Bamba lake la ukutani lina matundu manne, ya juu na ya chini yameachana sentimita 20. Ndani ya boksi kuna fisha za plastiki za milimita 10, urefu 50, na skrubu zake nene zenye kichwa cha spana. Ukuta ni bloku za inchi 6 zenye lipu, na sijui kama bloku zina matundu ndani au la. Naomba maelekezo ya kueleweka. Msinijibu "ita fundi", fundi ndiye aliyeniambia fisha yoyote inafaa.

Dogo Spana
Mkuu hiyo kazi ndogo. Chukua drili weka kwenye hama, toboa sentimita 5, gonga fisha, kaza. Fisha ikicheza chonga kijiti cha mbao, gonga ndani, halafu skrubu juu yake. Kijiti cha mninga hakitoki.

Maple Grove
Nipo Minnesota. Huku hatutumii fisha kabisa kwa TV kubwa. Unatafuta stadi, zile mbao za kusimama ndani ya ukuta, unafunga humo. Usiamini plastiki hata siku moja.

Fundi Mkongwe
Maple Grove, swali ni la ukuta wa bloku. Hakuna mbao humo ndani, nyumba yote ni saruji. Tutarudi kwako, maana wapo wanaosoma uzi huu wakiwa huko.

Mkazi wa Kibada, kabla ya fisha tuangalie mzigo, kwa sababu braketi ya mkono na ile ya kubana ukutani ni vitu viwili tofauti kabisa. Ukiivuta TV ya kilo 18 mpaka sentimita 40, inataka kuling'oa bamba upande wa juu kama mtu anayebandua msumari kwa mtaimbo. Piga 18 mara 40, gawa kwa 20 ambayo ni nafasi kati ya safu ya juu na ya chini. Unapata kilo 36 zinazovuta safu ya juu kutoka nje ya ukuta, kilo 18 kwa kila skrubu, ukiacha uzito unaoshuka chini. TV hiyo hiyo ikibanwa ukutani, uzito wake ukiwa sentimita 6 tu kutoka ukutani, hesabu inatoa kilo 5 na kidogo kwa safu nzima. Na hapo sijahesabu mtoto anayening'inia wala wewe unayeisukuma kila siku kwa mkono mmoja. Kwa hiyo fisha iliyoshika vizuri ukutani kwa jirani mwenye braketi ya kubana haikupi ushahidi wowote kwako.

Sasa ukuta. Toboa tundu moja la majaribio kwa biti ya zege ya milimita 6, sehemu ambayo TV itaifunika. Usiweke hama. Toboa taratibu na usikilize mkono wako. Mwanzoni biti inaingia kirahisi na vumbi ni laini, hiyo ni lipu. Halafu inakuwa nzito, umefika kwenye bloku. Simama hapo, ingiza msumari mwembamba, upime unene wa lipu. Endelea. Kama baada ya sentimita 3 hivi ndani ya bloku drili inaruka mbele ghafla kama imeanguka shimoni, bloku yako ina matundu. Ikienda kwa uzito ule ule mpaka sentimita 8, ni bloku iliyojaa. Toboa la pili pembeni kwa hatua ya sentimita 15 kabla ya kuamua, kwa sababu hata bloku ya matundu ina kuta za katikati, na unaweza kuwa umepiga hapo kwa bahati.

Mkazi wa Kibada
Asante sana Mkongwe. Nitatoboa kesho. Na hilo la lipu, lina uzito gani? Si nayo ni saruji?

Fundi Mkongwe
Hapo ndipo TV nyingi zinapoangukia. Lipu ni saruji lakini imebandikwa juu ya bloku, na mara nyingine imekwisha kuachia ndani kwa ndani bila wewe kuona. Gonga kwa mpini wa bisibisi eneo lote la bamba. Sehemu inayolia kama debe tupu, lipu imeachia. Ukifunga hapo, kila unavyokaza unaona ufa mwembamba unatembea kutoka kwenye skrubu, halafu bamba linazama.

Chukua mfano lipu yako ni sentimita 2. Fisha ya boksi ina urefu wa 5. Ukiizamisha mpaka iwe sawa na uso wa ukuta, sentimita 2 zimo kwenye lipu na 3 tu zimo kwenye bloku. Sehemu ya fisha inayotanuka ndiyo inatakiwa iwe yote ndani ya bloku. Kwa hiyo unaisukuma fisha ipite lipu, kwa msumari butu au skrubu yenyewe, na unatafuta skrubu ndefu zaidi. Hesabu yake: lipu milimita 20, fisha 50, unene wa bamba 3, na ncha ya skrubu itokeze mbele ya fisha kama milimita 6. Jumla 79, nunua ya 80. Tundu liwe na kina cha sentimita 9 ili vumbi linalobaki lipate pa kukaa. Bandika selotepu kwenye biti kwenye alama ya sentimita 9, uone pa kusimamia.

Dogo Spana
Mbona hujasema kuhusu kijiti? Nyumba za zamani zote zimefungwa kwa vijiti.

Fundi Mkongwe
Dogo, hujakosea yote. Kijiti kilichokauka vizuri, kilichochongwa kubana, kinashika picha na saa ya ukutani miaka mingi. Tatizo ni mvutano wa kutoka nje. Mbao hunywa unyevu masika ikavimba, kiangazi ikakauka ikasinyaa, na TV ya mkono inakitikisa kila siku. Halafu skrubu nene ya milimita 8 inakipasua kijiti kikiingia. Na hama umesema iwashwe tangu mwanzo. Kwenye bloku iliyojaa sawa, hama inaruhusiwa baada ya kupita lipu. Kwenye bloku ya matundu, hama inavunja ukuta wa ndani wa bloku upande usiouona. Nje unaona tundu safi la milimita 10, ndani kumebomoka bonge kubwa na fisha haina pa kushika.

Mtaa wa Pili Thika
Huku kwetu nyumba ni za mawe ya Ndarugo, hakuna shimo ndani. Fisha ya 10 inashika poa. Lakini angalia usitoboe kwenye simenti ya kuunganisha mawe, hasa kama kuta zimepigwa plasta na huoni jiwe linaishia wapi. Biti ikiingia upesi sana na vumbi likabadilika rangi kutoka ile ya jiwe ikawa ya simenti, uko kwenye kiungo. Songa kando. Na jiwe lina sehemu laini zake, kwa hivyo nisingeingia na biti ya 10 moja kwa moja. Anza na 6.

Fundi Mkongwe
Naunga mkono kuanza na 6. Biti nene ikikuta kokoto inateleza, tundu linahama milimita 3 au 4 na baadaye unalaumu pima maji. Na jambo moja watu hulidharau: vumbi. Fisha ikiingia kwenye tundu lenye vumbi inazunguka humo kama imepakwa unga. Tumia pampu ya baiskeli. Ingiza mrija mpaka chini, pampu mara kadhaa, pitisha brashi ya kusafishia chupa, pampu tena. Fumba macho, vumbi linarudi usoni.

Mzee wa Pima Maji
Nasubiri mmalize matundu niseme ya kwangu. Kijana wa Kibada, usipime kutoka darini wala usifuate mstari wa lipu. Dari za kwetu zinapanda na kushuka. Tumia pima maji, lakini kwanza ihakikishe. Iweke ukutani, chora mstari juu yake, igeuze kichwa kuwa mkia, iweke kwenye mstari ule ule. Kama povu limekaa katikati mara zote mbili, ni nzima. Kama limehamia upande mwingine, hiyo imekwisha anguka toka juu ya ngazi, irudishe dukani. Simu usiiamini. Ile kamera iliyotokeza nyuma inaifanya ilale hata ukiiweka juu ya meza iliyonyooka.

Kwa nini nahangaika na povu? Bamba lako pengine lina upana wa sentimita 40. Likikosea milimita 2 tu, huoni kwa macho. Ukining'iniza TV ya sentimita 123, kosa linakuzwa mara tatu, linakuwa milimita 6 kati ya pembe na pembe. Na chini yake kuna kabati la TV lililonyooka, basi jicho la kila mgeni linaenda hapo.

Utaratibu ni huu. Usitoboe matundu manne kwa pamoja. Chora mstari wa safu ya juu kwa pima maji, toboa tundu moja tu, la juu kushoto. Weka fisha, funga skrubu nusu, bamba lining'inie. Sasa weka pima maji juu ya bamba, lizungushe mpaka povu litulie, weka alama katikati ya tundu la juu kulia. Litoe pembeni, toboa, rudisha, funga nusu. Pima tena. Ndipo utoboe ya chini mawili. Kukaza kwa mwisho unakaza kidogo kidogo kwa kupishanisha, juu kushoto, chini kulia, huku ukiangalia povu. Bamba nyingi zina tundu lililorefushwa pembeni, hapo ndipo unapookoa milimita mbili tatu zilizohama.

Mkazi wa Kibada
Shikamoo mzee. Na urefu kutoka sakafuni? Nimeona watu wanaweka juu kabisa kama kwenye baa.

Mzee wa Pima Maji
Marahaba. Kaa kwenye kochi lako, mtu apime kutoka sakafuni mpaka jichoni. Mara nyingi ni kati ya mita 1 na mita 1 na sentimita 10. Hapo ndipo katikati ya kioo panapotakiwa kuwa, au juu kidogo tu. Tuseme 110. TV yako ina urefu wa 71, nusu yake 35.5, kwa hiyo ukingo wa chini utakaa 74.5 kutoka sakafuni.

Sasa hapa watu wanachanganya, wanatoboa kwenye 110. Matundu ya nyuma ya TV hayako katikati. Ilaze kifudifudi juu ya godoro, pima kutoka ukingo wa chini mpaka matundu ya juu. Tuseme umepata 40. Basi matundu hayo yatakuwa 114.5 kutoka sakafuni. Kisha pima mkono wa chuma unaofungwa nyuma ya TV: ndoano yake iko juu ya tundu kwa kiasi gani? Tuseme 5. Ndoano itakaa 119.5. Mwisho, kutoka mahali ndoano inapokalia mpaka matundu ya bamba ni kiasi gani? Kama ni 3 kwenda chini, safu ya juu ya skrubu inatobolewa 116.5. Tarakimu zako zitakuwa nyingine, lakini mlolongo ni huo. Andika kwenye karatasi, usibebe kichwani.

Binti Umeme
Kabla ya kutoboa hiyo 116.5 mwambieni aangalie soketi ziko wapi. Kwenye nyumba zetu bomba la waya huchimbiwa ukutani na kupanda wima kutoka kwenye soketi au swichi. Ukanda wote wa juu na wa chini ya soketi usiutoboe, upana wa kiganja kila upande. Ukuta wa nyuma pia una habari zake: kama upande wa pili ni bafu, kuna bomba la maji. Zima swichi kuu. Ikiwa drili yako ni ya umeme na si ya betri, zima mzunguko wa ukuta huo tu na uvute umeme wa mzunguko mwingine, au azima ya betri.

Jingine, skrubu za nyuma ya TV. Boksi linakuja na saizi nyingi, M4, M6, M8, ndefu na fupi. Ingiza kijiti cha kiberiti kwenye tundu la TV kikome, weka alama, ujue kina. Ongeza unene wa chuma cha braketi. Skrubu ikizidi hapo inasukuma bodi au kioo kwa ndani, unaona doa jeupe kwenye picha na warantii imekwenda. Ikiwa fupi inashika nyuzi mbili tatu, itachomoka. Anza kufunga kwa vidole, ikigoma kwa vidole ni saizi isiyo yake.

Ofisi ya Juu
Naomba kuingilia. Mimi ukuta wangu ni wa jipsamu, pande mbili, ndani kuna chaneli za bati. TV ni inchi 65. Hizo fisha za milimita 10 zinaingia?

Fundi Mkongwe
Haziingii. Yaani zinaingia na zinatoka. Fisha ya plastiki inahitaji kitu kigumu kuizunguka. Kwenye jipsamu inatanuka hewani.

Zitafute chaneli kwa sumaku, hata ile ya spika mbovu. Ipitishe ukutani ikiwa kwenye uzi, itanasa kwenye vichwa vya skrubu vilivyofichwa na rangi. Ukipata mstari wa wima wa skrubu, hapo ndipo chaneli ilipo, na nyingine iko sentimita 40 au 60 pembeni. Lakini chaneli yenyewe ni bati jembamba, skrubu nene inalitafuna na kuzunguka bure. Njia ya uhakika ni kufungua jipsamu na kufunga ubao au plaiwudi ya milimita 18 kati ya chaneli, kisha kuziba. Usipotaka kubomoa, funga plaiwudi hiyo juu ya jipsamu, pana ya kutosha kushika chaneli tatu, skrubu nyingi ndogo, halafu braketi juu ya plaiwudi. Braketi iwe ya kubana, si ya mkono.

Maple Grove
Nilikimbilia kujibu, samahani Kibada. Kwa walio huku: stadi zinaachana inchi 16 kutoka katikati hadi katikati, kama sentimita 40, nyumba nyingine inchi 24. Uso wa ubao ni inchi 1 na nusu tu, sentimita 3.8. Ukikosea katikati kwa sentimita 2 skrubu inachungulia nje ya ubao. Kifaa cha kutafutia kinalia ukingoni, si katikati, kwa hiyo weka alama pale kinapoanza kulia na pale kinapoacha, gawanya. Hakikisha kwa kusukuma msumari mwembamba sehemu tatu nyuma ya bamba. Halafu toboa tundu la mwanzo, milimita 4 mpaka 5 kwa skrubu ya robo inchi. Bila tundu hilo ubao unapasuka au kichwa cha skrubu kinakatika. Ukikuta biti inagonga chuma, acha. Fundi aliweka kibati cha kulinda waya au bomba.

Ofisi ya Juu
Zile bolti za mabawa zinazofunguka nyuma ya bodi je? Dukani wameniambia zinabeba kilo 50 kila moja.

Binti Umeme
Hizo kilo ni za mzigo unaoshuka, tena kwenye bodi nene isiyo na unyevu. Mkongwe ameshaonyesha kwamba kinachoumiza ni mvuto wa kutoka nje. Kwa braketi ya kubana, ukizipitisha kwenye chaneli ili mabawa yakamate bati kwa nyuma, mimi nakubali. Kwenye jipsamu tupu sikubali.

Fundi Mkongwe
Hata kupitia chaneli mimi kwa inchi 65 naweka plaiwudi. Hapo tutofautiane.

Mkazi wa Kibada
Wakuu nimetoboa ya majaribio. Lipu milimita 22. Tundu la kwanza biti imeenda ngumu mpaka mwisho. La pili, sentimita 15 kulia, imeruka baada ya milimita 30 ndani ya bloku. Kugonga hakuna debe tupu.

Fundi Mkongwe
Basi una bloku za matundu, na la kwanza limepiga ukuta wa katikati. Fisha ya 50 itakuwa na milimita 30 za kushika, zilizobaki zinaelea kwenye uwazi. Una njia mbili. Ya kwanza, rudisha hiyo braketi ya mkono, chukua ya kubana yenye bamba pana, ambayo inakupa uchaguzi wa matundu mengi. Tumia fisha ndefu za bloku ya matundu, zile zinazojikunja fundo zikifika kwenye uwazi, skrubu sita badala ya nne.

Ya pili ni gundi ya kemikali. Unaingiza soksi ya plastiki yenye vitundu, unaijaza gundi kuanzia chini ukirudi nje, unasukuma nondo ya nyuzi M8 kwa kuizungusha. Gundi inavuja kwenye vitundu na kufanya fundo nyuma ya ukuta wa bloku. Ile ya kwanza inayotoka kwenye mrija ikiwa na rangi mbili imwage, haijachanganyika. Muda wa kukauka umeandikwa kwenye kopo kulingana na joto. Usiguse kabla yake.

Mtaa wa Pili Thika
Na gundi mkono unaruhusiwa? Mi naona ukuta wa bloku ya shimo ni unene wa vidole viwili tu, hata gundi ikishika, bloku yenyewe si itapasuka?

Fundi Mkongwe
Kwa kilo 18 na mkono wa 40 nimeona ikishika, nikikagua kila baada ya miezi michache kwa kuivuta na kuangalia ufa pembeni ya bamba. Kwa TV nzito zaidi ya hapo sifungi.

Binti Umeme
Mimi hata hiyo ya kilo 18 nisingefunga mkono kwenye bloku ya matundu. Lipu na saruji za bloku za mtaani hazilingani, hakuna anayejua uwiano uliotumika.

Mkazi wa Kibada
Nabadilisha braketi, nachukua ya kubana. Swali la mwisho: nikishaitundika ikaonekana imelala wakati bamba lina povu katikati, kosa liko wapi?

Mzee wa Pima Maji
Nyuma ya TV. Ile mikono miwili ya chuma ina matundu mengi yanayofanana, umefunga wa kushoto tundu la tatu na wa kulia tundu la nne. Hesabu kutoka juu, si kwa macho. Kama yanalingana, angalia kama ndoano zote mbili zimekaa chini kabisa. Moja huwa imening'inia juu ya waya wa antena.